Sura ya Sita: Nitoze Kiasi Gani kwa Mwezi Kuhariri Podikasti ya Mtu?

Kila anayejua kukata sauti kwenye kompyuta huulizwa siku moja: "Nina podikasti, sina muda wa kuihariri. Utanitoza ngapi kwa mwezi?" Wengi hujibu palepale, kwa kukisia. Wanataja bei waliyoisikia kwa mwenzao, mteja anakubali haraka, na baada ya wiki tatu mhariri yuko macho saa nane za usiku akifukuza mwangwi kwenye sauti ya mgeni aliyerekodiwa bafuni.

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa mtandaoni ili msikilizaji akisikilize saa anayotaka. Anayelipa kuhaririwa kila mwezi kwa kawaida ni mtu wa kazi nyingine: daktari, mwanasheria, mhubiri, mwalimu wa biashara. Anaweza kuzungumza vizuri kwa saa nzima, lakini hana saa nyingine tano za kukaa na faili. Anachonunua kwako ni hizo saa tano. Kwa hiyo bei ya mwezi ni hesabu ya saa, na saa hizo huamuliwa na mambo ambayo mengi yametokea kabla faili halijakufikia.

Tuchukue mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho wa sura. Mwanasheria wa Nairobi ana podikasti kuhusu ardhi na upangaji. Hurekodi Jumamosi kwa Zoom na mgeni mmoja, na kipindi hutoka Jumanne asubuhi. Mazungumzo ghafi, yaani kabla ya kukatwa, huwa dakika 70. Anataka kipindi cha dakika 45, pamoja na maelezo ya kipindi: maandishi mafupi yanayokaa chini ya kipindi kwenye simu ya msikilizaji, yenye muhtasari, alama za muda na viungo.

Saa zinakwenda wapi

Kama sauti imerekodiwa vizuri, mhariri mwenye uzoefu wa wastani atatumia takriban muda huu kwa kipindi kimoja:

- kupokea faili, kulikagua na kupanga sauti za wasemaji wawili: dakika 20
- kusafisha kelele: dakika 20
- kusikiliza na kukata: dakika 140
- muziki, utangulizi na kusawazisha ukubwa wa sauti: dakika 20
- kusikiliza kipindi kizima kwa mara ya mwisho: dakika 45
- kuandika maelezo: dakika 60
- masahihisho ya mteja: dakika 25
- kutuma: dakika 10

Jumla ni dakika 340, yaani saa 5 na dakika 40. Kwa vipindi vinne inakuwa saa 22 na dakika 40. Ongeza saa moja na dakika 20 za simu, jumbe na ankara, mwezi unafika saa 24.

Wanaoanza hushangazwa na safu mbili za orodha hii. Ya kwanza ni ile ya kukata. Dakika 70 za mazungumzo huchukua mara mbili yake kwa sababu unasikiliza, unasimamisha, unarudi nyuma, unakata, kisha unasikiliza tena uone kama mshono unasikika. Ya pili ni dakika 45 za kusikiliza mwisho. Hizi watu huziacha wakichoka, na hapo ndipo sentensi iliyorudiwa mara mbili inapopenya hadi kwa msikilizaji. Usiziache, na usisikilize kwa kasi ya mara mbili, kwa sababu kasi huficha mishono mibaya.

Sasa bei. Tuseme unataka kubaki na shilingi 72,000 za Kenya kwa mwezi, na gharama zako za intaneti, umeme na programu ni 8,000. Unahitaji 80,000. Ukifanya kazi muda wote unaweza kuwa na saa 160, lakini huwezi kuziuza zote. Nyingine zinakwenda kutafuta wateja, kujifunza, na kungoja stima irudi. Hesabu saa 100 za kuuza. Gawa 80,000 kwa 100, saa moja ni shilingi 800. Saa 24 za mwanasheria wetu ni 19,200, na ukizungusha unamtajia 20,000 kwa mwezi, au 5,000 kwa kipindi. Kiwango chako kinaweza kuwa kingine kabisa. Njia ya kukifikia ndiyo hii.

Sauti mbaya inavyokula bei yako

Chukua mwezi ambao mwanasheria huyohuyo amerekodi ofisini penye sakafu ya vigae na kuta tupu, na Zoom imetoa faili moja lenye sauti zote mbili. Kusafisha kunapanda kutoka dakika 20 hadi 60. Kukata kunapanda kutoka 140 hadi 210, maana mgeni akikohoa juu ya neno la mwenyeji huwezi tena kunyamazisha upande mmoja. Hizo ni dakika 110 zaidi kwa kila kipindi, saa 7 na dakika 20 kwa mwezi. Shilingi 20,000 ulizodhani unazipata kwa saa 24 sasa umezitolea saa 31 na ushei. Saa yako imeshuka kutoka shilingi 833 hadi 638, na hakuna aliyekuomba punguzo.

Ndiyo maana kabla ya kutaja bei unaomba faili ghafi la kipindi kilichopita na kuhariri dakika kumi zake, saa mezani. Kama dakika kumi zimekula ishirini, uko kwenye hesabu ya kawaida. Kama zimekula thelathini na tano, bei ni nyingine, au urekodi ubadilike kwanza.

Ukilifungua faili hilo, tazama na usikilize mambo manne.

Kwanza, umbo la mawimbi kwenye skrini. Kama vilele vimekatwa bapa, sauti iliingia kwa nguvu kuliko kifaa kilivyoweza kupokea, na msikilizaji atasikia mpasuko kila mtu anapocheka. Kilichokatwa hapo hakirudi. Kuna programu zinazobahatisha kukijenga upya, lakini matokeo yake ni ya kuokoa kipindi kimoja na si ya kutegemea kila wiki.

Pili, sikiliza mahali ambapo hakuna anayezungumza. Mvumo wa feni au jokofu ni kelele isiyobadilika, na hiyo huondoka kwa urahisi. Katika Audacity, programu isiyolipiwa, unachagua sekunde chache za ukimya, unafungua `Noise Reduction`, unabonyeza `Get Noise Profile`, kisha unachagua faili zima na kurudi kwenye dirisha lilelile kulisafisha. Programu imejifunza kelele ilivyo na inaipunguza kila mahali. Ukizidisha, sauti ya mtu huanza kulia kibati, na hapo umeharibu kuliko ulivyotengeneza.

Tatu, mwangwi. Huu hauondoki kwa njia hiyo, na inafaa mteja aelewe sababu: mwangwi ni sauti yake mwenyewe iliyogonga ukuta na kurudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo. Programu haina kimya cha kujifunzia, kwa kuwa mwangwi upo pale tu anapozungumza. Dawa yake iko upande wa kurekodi: chumba chenye zulia, mapazia na makochi, na maiki iwe karibu na mdomo, kama upana wa kiganja.

Nne, nenda moja kwa moja hadi dakika za mwisho. Ikiwa wasemaji walirekodiwa kwa vifaa viwili tofauti, kila kifaa kina saa yake ya ndani, na saa hizo hazilingani kabisa. Mazungumzo yanayoanza sawasawa yanaweza kumalizika mmoja akijibu kabla swali halijaisha. Ukiliona hilo, utalazimika kuikata sauti ya mmoja vipande vipande na kukisogeza kila kipande mahali pake. Weka muda wake kwenye hesabu.

Kasoro mbili, faili moja lenye sauti zote na ukosefu wa kimya cha kujifunzia kelele, huisha kwa mazungumzo ya dakika tano na mteja. Anayetumia Zoom aende kwenye mipangilio ya kurekodi na kuwasha `Record a separate audio file for each participant`, halafu arekodi kwenye kompyuta yake. Kila msemaji atapata faili lake. Na kabla ya swali la kwanza wakae kimya sekunde kumi, ili uwe na kelele ya chumba ya kufanyia kazi. Mwambie pia asitume sauti ghafi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa huko hubanwa na kupoteza ubora. Folda ya Google Drive inatosha.

*Kwa kifupi: bei hutajwa baada ya kusikiliza, na marekebisho ya namna ya kurekodi ni sehemu ya huduma, kwa sababu yanaokoa saa zako kuliko programu yoyote utakayonunua.*

Kukata bila kubadilisha maana

Mteja akisema "ondoa vijineno vyote", usimtii neno kwa neno. "Eeh", "aah" na mwanzo wa sentensi ulioachwa njiani huondoka bila hasara. "Yaani" na "kwa hivyo" zina kazi: mara nyingi ndizo zinazomwambia msikilizaji kwamba maelezo yanakuja. Ondoa zile zilizorudiwa mara tatu mfululizo, uache moja. Pumzi nazo ziache, ila zile za kelele zipunguze. Mtu asiyepumua kwa dakika tatu humchosha msikilizaji, hata kama mwenyewe hajui kinachomchosha ni nini.

Kuna kosa la Kiswahili ambalo masikio yaliyozoea kuhariri Kiingereza hayalioni. Ukikata sentensi iliyotaja jambo, viambishi vya sentensi inayofuata hubaki hewani. Mgeni amesema: "Notisi lazima iandikwe. Isipomfikia mpangaji, haina nguvu." Ukiondoa sentensi ya kwanza kwa kuona imejirudia, "isipomfikia" inakosa mwenyewe, na msikilizaji aliye kwenye matatu hana jinsi ya kujua ni kitu gani kisichofika. Kabla ya kukata sentensi nzima, isome inayofuata kwa masikio ya mtu aliyeingia sasa hivi.

Kwa mteja wa sheria au afya, hatari ni kubwa zaidi. Kenya ina sheria ya upangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula, Sura ya 301, inayodai notisi ya angalau miezi miwili kabla ya mwenye nyumba kubadilisha masharti au kuvunja upangaji unaolindwa. Tuseme mgeni anaeleza kwamba duka ambalo mkataba wake haukuandikwa liko chini ya ulinzi huo, halafu anaongeza sharti refu kuhusu mikataba ya maandishi. Sharti linachosha, nawe unatafuta dakika 25 za kuondoa. Ukilikata, wenye maduka watadhani kila mkataba unalindwa, na jina litakaloharibika ni la mwanasheria. Kanuni ninayoisimamia ni kwamba "isipokuwa", "ikiwa" na "mradi" haziguswi bila idhini ya mwenye kipindi. Dakika 25 zitafute kwenye salamu, kwenye hadithi iliyosimuliwa mara mbili, na kwenye swali refu kuliko jibu lake.

Ukishamaliza kukata, sawazisha ukubwa wa sauti. Kipimo chake huandikwa LUFS, nacho huonyesha sauti ilivyo kubwa kwa wastani jinsi sikio la binadamu linavyoisikia. Apple inashauri podikasti iwe karibu na -16 LUFS, na vilele visizidi -1 dB. Katika Audacity fungua `Loudness Normalization` uandike -16. Dirisha hilo hufunguka likiwa na -23, ambayo ni ndogo mno kwa mtu anayesikiliza barabarani. Vilele vikipita -1 dB baada ya hapo, vizuie kwa `Limiter`.

Maelezo ya kipindi huandikwa ukiwa unakata

Wahariri wengi huacha maelezo hadi mwisho, wanasikiliza upya kuyatafuta mambo yaliyosemwa, na dakika 60 zinakuwa 120. Ni afadhali kuweka alama wakati wa kukata. Kwenye Audacity, `Ctrl+M` huweka alama pale sauti inapopita, nawe unaandika maneno matatu: "notisi, miezi miwili". Ukimaliza unazo alama kumi na mbili, ambazo sita zitatosha.

Saa za alama hizo, hata hivyo, usizinakili mapema. Kila ulichokata kinasogeza kilichobaki, na utangulizi wa muziki wa sekunde 30 unakisogeza tena upande wa pili. Andika saa kutoka kwenye faili la mwisho. Kama podikasti ya mteja huingiziwa matangazo na kampuni inayohifadhi vipindi, mwambie mapema kwamba alama hazitalingana kwa kila msikilizaji, maana tangazo linaweza kuwa la sekunde 30 kwa mmoja na 60 kwa mwingine. Na ikiwa kipindi kinawekwa YouTube pia, alama ya kwanza iwe 00:00, ziwepo angalau tatu, na zipangwe kutoka ndogo kwenda kubwa. Pasipo hayo YouTube haitazigeuza kuwa sura.

Maelezo ya kipindi chetu yanaweza kusomeka hivi:

> Mwenye nyumba amepandisha kodi ya duka. Ufanye nini?
> Wakili wa masuala ya upangaji anaeleza notisi inayotambuliwa na sheria, mahali pa kupeleka pingamizi, na makosa yanayowagharimu wenye maduka.
> 00:00 Utangulizi
> 03:10 Duka lako linalindwa na Sura ya 301?
> 14:45 Notisi ya miezi miwili inavyotolewa
> 27:20 Kupeleka pingamizi kwenye baraza
> 38:05 Maswali ya wasikilizaji

Angalia kwamba kichwa kinasema shida ya msikilizaji, na jina la mgeni halikutangulia. Mtu anayetafuta usiku kwa nini kodi yake imepanda hamjui mgeni, ila shida yake anaijua. Sentensi mbili za kwanza ndizo zenye kazi kubwa, kwa sababu kwenye simu mengine hufichwa mpaka abonyeze. Apple inakubali hadi herufi 4,000, lakini sijaona sababu ya kuzijaza. Chini ya hapo weka viungo vya sheria zilizotajwa na mawasiliano ya mwenye kipindi. Majina ya wageni na vyeo vyao aandike mteja mwenyewe anapotuma faili. Usiyaandike kwa kusikia.

Kilichomo kwenye malipo ya mwezi

Mkataba wa mwezi huharibiwa na vitu vidogo. Cha kwanza ni neno "kila wiki". Mwaka una wiki 52, wala si 48, kwa hiyo miezi minne ya mwaka ina Jumanne tano. Ukiandika "kipindi kila wiki kwa 20,000", kwa mwaka umehariri vipindi vinne bila malipo, yaani kazi ya mwezi mzima. Andika "vipindi vinne kwa mwezi", na cha tano kiwe shilingi 5,000.

Cha pili ni urefu. Taja dakika za sauti ghafi, maana ndizo unazozisikiliza. Mteja akiandikiwa "kipindi cha dakika 45" anaweza kukutumia saa mbili na nusu na asione amekosea. Kwa mwanasheria wetu ningeandika hadi dakika 75 ghafi, na kila dakika 15 za ziada shilingi 400. Zinalipia nusu saa ya kukata.

Cha tatu ni masahihisho. Raundi moja, kwa ujumbe mmoja ulioandikwa, ndani ya saa 48, kila sahihisho likiwa na muda wake: "12:40, ondoa jina la kampuni." Mtumie rasimu ya MP3 ya 64 kbps, ambayo kwa dakika 45 ni kama MB 22 na haimalizi bando lake. Asiyewekewa mpaka huu hutuma jumbe za sauti saba kwa siku mbili, na wa sita unafuta wa pili.

Cha nne ni kipindi ambacho hakikuletwa. Mteja akisafiri akaruka wiki mbili, saa zako ulikuwa umemwekea na hukumpa mtu mwingine. Kipindi kimoja kinaweza kuhamia mwezi unaofuata, si zaidi. Na faili likichelewa kupita Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kipindi cha Jumanne kinasogea kwa idadi ileile ya siku.

Yasiyomo yataje kwa majina, kila moja na bei yake: video, vipande vifupi vya mitandao, kuandika mazungumzo yote neno kwa neno, na picha ya jalada. Malipo yaje tarehe 1, kabla ya kazi.

Wateja wangapi wanatosha

Andika muda wako wa kweli kwa kila kipindi katika miezi mitatu ya kwanza. Ikiwa mwanasheria anakula saa 30 badala ya 24 ingawa urekodi ni mzuri, mpe taarifa ya mwezi mmoja, umwonyeshe hesabu, upandishe bei au upunguze urefu. Mtu mwenye shughuli nyingi huelewa hesabu ya saa upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu naye huuza zake.

Wateja wanne wa kiwango hiki wanachukua saa 96 kati ya zile 100 na kuleta shilingi 80,000. Wa tano akija na podikasti ya kila wiki, mwambie ukweli kwamba nafasi imejaa, mpe mwezi ambao huenda ikapatikana, au mpeleke kwa mhariri mwingine unayemwamini. Ukimpokea, utakachomnyima kwanza ni zile dakika 45 za kusikiliza mwisho, na hao wanne wa awali watanyimwa pamoja naye.